Hadithi yako inahubiri mwishoni? Tuitibu kwa kisa cha Kima na Papa

Rasimu inakuja na kurasa nne nzuri na aya moja mbaya. Aya hiyo huwa ya mwisho, na karibu kila mara huanza kwa maneno yaleyale: "Hadithi hii inatufundisha kwamba..." Mhariri anaikata, anavuta pumzi, halafu anaisoma hadithi upya na kukuta imekatika kama kamba ya ndoo kisimani. Anairudisha aya yake, na kazi inaenda kwa mchapaji hivyohivyo.

Nimeirudisha aya ya namna hiyo mara nyingi kabla sijajua kwamba ile ni homa tu, maradhi yenyewe yako kurasa za juu. Ukiitibu homa peke yake itapanda tena, safari hii kwa njia nyingine. Kwa hiyo hapa chini naanza na dalili, kisha natafuta chanzo chake, na mfano wangu ni mmoja tu: kisa cha Kima na Papa, ambacho wengine wanakiita Punda wa Dobi. Nimekichagua kwa sababu nilikiharibu mwenyewe nilipokisimulia upya kwa ajili ya watoto, nikakaa nacho miezi miwili nikikitengeneza.

Ni kisa cha zamani. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alikiandika Unguja kutoka kwa wasimulizi na kukichapisha mwaka 1870, na mizizi yake inakwenda mbali zaidi ya hapo. Kimo katika Kalila na Dimna, kitabu cha hadithi za wanyama ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu karne ya 8, ila huko rafiki wa majini ni kasa. Nyuma yake tena kuna India. Kwa aliyekisahau, kiini chake ni hiki. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anamtupia papa makuyu siku nyingi na miezi mingi. Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni. Katikati ya safari anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba sisi kima hatutembei na mioyo, moyo wangu nimeuacha mtini, turudi nikauchukue. Wanarudi, kima anaparamia mti na hashuki tena. Papa akimwita, anamuuliza: wanifanya mimi punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio? Papa hajui punda huyo ni nani, basi kima anamsimulia.

Punda alimtoroka dobi, akanenepa msituni. Sungura akamwona, akaenda kumwambia simba aliyekuwa dhaifu kwa maradhi. Sungura akamjia punda na posa: simba anataka kukuoa. Punda akafurahi, akaenda, simba akamrukia, wakapigana, punda akatoroka na majeraha. Siku zikapita, simba akapata nguvu, sungura akarudi tena kwa punda. Punda akaenda mara ya pili, akafa. Simba akasema anataka moyo na masikio tu. Sungura, aliyepewa nyama aichome, akavila yeye. Alipoulizwa viko wapi, akasema punda huyu hakuwa navyo. Angekuwa na moyo na masikio, angerudi mara ya pili?

Sasa twende kwenye dalili.

Dalili: funzo linasema hili, matukio yanasema lile

Rasimu yangu ya kwanza iliisha hivi: "Basi watoto wapendwa, tuepuke uongo, kwani uongo humponza mwenyewe." Nilimsomea mpwa wangu wa miaka tisa. Aliposikia mwisho akakunja uso. "Lakini mjomba, kima ndiye aliyedanganya. Na akapona."

Sikuwa na la kumjibu. Papa ndiye aliyesema ukweli, akarudi mikono mitupu. Kima alitunga uongo mkubwa kuliko bahari, akafika nyumbani salama. Nilikuwa nimeandika kurasa nne za kuupa uongo heshima, halafu mstari mmoja wa kuulaani.

Chanzo cha dalili hii ni kwamba funzo lilikuwapo kabla ya hadithi. Mtu ameombwa kisa cha "ukweli" au "utii" au "bidii", akachukua kisa kilicho karibu na kukivalisha kanzu isiyo yake. Kipimo chake hakichukui hata nusu saa. Chukua karatasi, andika matukio makubwa ya hadithi, kila moja kwenye mstari wake, na kati ya mstari na mstari andika ama "kwa hiyo" ama "halafu". Halafu ni mambo yanayofuatana tu. Kwa hiyo ni jambo lililozaa jenzake. Ukimaliza, fuata zile "kwa hiyo" peke yake uone nani alipata nini, na kwa sababu ya tendo gani.

Nilipofanya hivyo kwa kisa hiki nikaona mara moja mahali uzito ulipo. Papa alitoboa siri mapema, kwa hiyo kima akapata nafasi ya kufikiri. Kima alifikiri haraka, kwa hiyo akarudi mtini. Papa akamwita tena, na hapa "kwa hiyo" ikagoma: kima hakushuka. Punda naye aliitwa tena, akaenda, kwa hiyo akafa. Hadithi nzima inazunguka juu ya mwito wa pili. Kuhusu uongo haina neno hata moja.

Tiba ni mbili tu. Ama uliache funzo ulilokuja nalo na ulifuate lililomo, ama ukatafute kisa kingine. Njia ya tatu ambayo wengi huipenda, yaani kuipinda hadithi hadi ikubali, ndiyo inayotuletea kima anayeomba radhi kwa kudanganya na papa anayetubu machozi yakimtoka. Niliwahi kuipokea rasimu ya aina hiyo. Kwa kuwa wawili hao walikuwa wamepatana, kisa cha punda kilikosa kazi, kikatupwa chote.

Dalili: ukikata aya ya mwisho, hadithi inabaki haina mkia

Hii ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, na ndiyo iliyonila muda mwingi.

Baada ya maneno ya mpwa wangu nilibadilisha hotuba. Safari hii ilisema mtu mwenye busara hatumbukii shimo moja mara mbili. Funzo sasa lilikuwa sahihi, lakini kila nilipolikata kisa kiliishia kima akiwa juu ya mti na papa chini, kama watu wawili waliosahau walichokuwa wakizungumza. Nikahesabu maneno ya ile aya: zaidi ya themanini. Nikajiuliza, maneno themanini haya yamekaa mahali pa nini?

Yalikaa mahali pa punda. Nilikuwa nimempunguza kwa sababu ya urefu. Safari zake mbili kwa simba nilikuwa nimezifanya sentensi moja: "Punda alidanganywa na sungura mara mbili, na mara ya pili akauawa." Tukio lililokuwa na kazi ya kubeba funzo nililigeuza taarifa, na taarifa haibebi kitu. Pengo likabaki, nikaliziba kwa mahubiri.

Kwa hiyo ukikuta hadithi inakatika, usiitazame aya ya mwisho. Rudi nyuma utafute sentensi iliyobana tukio zima ndani yake. Hujulikana kwa maneno kama "alidanganywa", "alishauriwa", "aligundua", "alijuta": vitenzi vinavyotupa matokeo bila kutuonyesha mtu akifikia matokeo hayo. Mara nyingi sentensi hiyo na ile hotuba zinazungumzia jambo lilelile. Fungua sentensi, hotuba itajifuta.

Kufungua si kurefusha kila kitu. Mara ya kwanza ya punda inahitaji nafasi kwa sababu mara ya pili inaishi juu ya mgongo wake. Msomaji lazima aone ile posa, aone punda anavyofurahi kuchumbiwa na mkubwa wa msitu, aone sungura akimkonyeza simba na kusema anakwenda haja. Lazima aone majeraha. Mara ya pili, kinyume chake, inatakiwa ipite upesi, kwa sababu ni upesi wa punda unaoumiza. Toleo nililobaki nalo ni hili:

"Sungura alimkuta punda mtoni, akinywa maji kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikuwa bado haujapona.
'Mchumba wako anakuita,' akasema sungura.
'Siku ile alinirarua,' akasema punda. 'Naogopa.'
'Aa, ile? Si neno. Ndiyo mazungumzo ya simba.'
Punda akayatazama maji. Kisha akasema, 'Haya, twende.'"

Ile "ndiyo mazungumzo ya simba" sikuitunga mimi, imo katika kisa cha zamani, na kwangu ni mojawapo ya maneno makali kabisa katika hadithi zetu. Mtu ameng'atwa, anaambiwa ni namna ya mwenyewe ya kuongea. Mtoto anacheka. Mama yake anayemsomea pengine hacheki. Kila mmoja amepata chake bila msimulizi kusema lolote.

Tazama pia kwamba punda anasema "naogopa" kwa kinywa chake. Katika rasimu ya awali niliandika "punda, kwa upumbavu wake, akakubali". Mpumbavu hatufundishi kitu, kwa sababu hakuna msomaji anayejihesabu katika wapumbavu. Lakini aliyejua, akasema, kisha akaambiwa si neno akainuka, huyo tunamfahamu. Moyo anao na masikio anayo, ila ameviacha pale mtoni. Hapo ndipo maneno ya sungura mbele ya simba yanapochoma baadaye, na ndiyo sababu hayahitaji mfasiri.

Mdomo usiopona nao uliwekwa kwa makusudi. Jeraha la mara ya kwanza lazima lionekane wakati wa mara ya pili. Likiachwa ukurasa wa nyuma, msomaji anakuwa amelisahau sawa na punda, na tofauti kati yao ndiyo inayozaa funzo: msomaji anakumbuka, punda amekubali kusahau.

Dalili: umekata hotuba, lakini hadithi bado inanuka mahubiri

Hapa chanzo kimejificha katika vivumishi. Chukua penseli, upigie mstari kila neno linalomhukumu mhusika: mnafiki, mwerevu, mwovu, mwaminifu, mlafi. Katika ukurasa wa kwanza wa rasimu yangu nilipiga mistari 11. Sentensi ya kwanza kabisa ilikuwa "Hapo zamani paliondokea kima mwerevu na papa mnafiki." Kwa maneno mawili nimeshatoa hukumu na kesi haijasikilizwa. Kibaya zaidi, nimemharibu kima: kama unafiki wa papa umeandikwa mlangoni, werevu gani wa kima kumpanda mgongoni?

Tiba si kutafuta kivumishi cha upole zaidi. Futa, kisha uone kama tendo lililobaki linatosha. Nilipofuta, yalibaki makuyu. Siku baada ya siku kima anachuma, moja anakula, moja anatupa. Hiyo ilitosha kabisa kuujenga urafiki, na papa aliposema "twende kwetu nami nikukirimu" hata mimi niliyejua mwisho nilimwamini.

Kuna faida nyingine. Kisa cha zamani kinamfanya papa aseme ukweli katikati ya bahari, jambo ambalo mnafiki kamili hangelifanya. Kwa nini alisema? Pengine aliona kima hana pa kukimbilia. Pengine yale makuyu ya miezi mingi yalimkaba koo. Hadithi haisemi, nami siongezi. Ukimwita mnafiki tangu mwanzo, swali hilo halizaliwi, na ni swali ambalo watoto hulipenda mno. Wanaweza kubishana juu yake mpaka wakalala.

Sungura ndiye mwenye ruhusa ndogo. Jina lake tayari limebeba sifa zake kwa kila aliyekulia kwenye hadithi zetu, kwa hiyo "sungura mjanja" ni kumwagia bahari maji.

Dalili: hotuba imehama, sasa iko kinywani mwa mhusika

Mwandishi aliyeambiwa "usihubiri" hufanya hila moja: anamleta mzee, au kobe, au bundi, apite mwishoni na kusema yaleyale ndani ya alama za usemi. Alama za usemi hazibadilishi kitu.

Lakini hapa nilikwama, kwa sababu kisa cha Punda wa Dobi chenyewe kinaisha kwa mhusika anayesema funzo waziwazi. Sungura anamwambia simba: angekuwa na moyo na masikio, angerudi? Ni hotuba ile. Mbona haichoshi?

Haichoshi kwa sababu anayeisema ana mafuta ya punda midomoni. Moyo ameula yeye, na simba mwenye njaa anaudai. Asipopata neno sasa hivi, ataliwa yeye. Maneno yake ni ya kujiokoa, na yametoka kwa mwizi, na bado ni kweli. Vivyo hivyo kima: hamfundishi papa adabu, anamjibu mtu aliye chini ya mti anayemwambia "shuka, twende". Kila mmoja anayesema ana jambo analolitaka saa ileile kutoka kwa anayemsikiliza.

Basi kipimo ni hiki. Ichukue ile kauli, umpe mpita njia yeyote aiseme. Kama hakuna kilichoharibika, ilikuwa hotuba, itoe. Kama hadithi inavunjika kwa sababu ni huyu tu angeweza kuisema, na ni sasa tu, iache, hata kama ni funzo tupu. Methali nayo ipimwe vivyo hivyo. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" ikisemwa na msimulizi mwishoni ni kibandiko; ikisemwa na sungura kumshawishi punda ainamishe shingo mbele ya simba, ni silaha.

Mwisho wa "tangu siku hiyo" nitaupita haraka. Ukieleza kwa nini popo hatoki mchana, ni sawa, hadithi za asili ya mambo ndivyo zinavyofungwa. Ukisema "tangu siku hiyo wote wakawa na tabia njema", futa.

Dalili: sasa hakuna anayeona funzo lolote

Hutokea, hasa baada ya kukata kwa hasira. Isome kwa sauti mbele ya watu watatu wasioijua, na usiwaulize "mmejifunza nini?" Swali hilo linaita hotuba, nao watakupa moja waliyoikariri shuleni. Simama kabla punda hajajibu pale mtoni, uulize: "Ungekuwa wewe?" Wakijibu kwa pamoja na kwa kelele, hadithi ni nzima. Wakinyamaza, au wakisema "sijui", kasoro iko kwenye uamuzi wenyewe: ama punda hakuwa na chaguo la kweli, ama msomaji hakuwa amepewa alichohitaji ili achague. Usiguse mwisho. Ongeza kitu kabla ya lile jibu. Kwangu mimi kilichokosekana ulikuwa ule mdomo wenye jeraha.

Mchapaji wa vitabu vya shule naye anaweza kusema funzo lazima liwepo, na ana haki, mwalimu anataka kitu cha kuandika ubaoni. Lipe nafasi nje ya hadithi, kama maswali: Kwa nini papa alisema ukweli njiani? Punda alisema anaogopa, kwa nini alikwenda? Hadithi yenyewe ifungwe kwa kawaida ya wasimulizi, kwamba ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu. Fomula hiyo humpa msikilizaji mlango wa kutokea bila kumsukuma.

Rasimu yangu ya mwisho iliishia kima akisema, "Nenda zako, rafiki. Mimi si punda wa dobi." Nilidhani haijatosha, nikaongeza mstari wa kwangu: kuyu moja likaanguka lenyewe majini, likaelea mbele ya papa, naye asiliguse. Niliupenda sana mstari huo. Mwenzangu aliyeisoma akaukata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Hii nayo ni hotuba, ila imevaa kuyu." Nilibishana naye siku mbili, kisha nikautoa.